Jinzi nzito, kanvasi au ripstopu: suruali ya fundi anayeshinda magotini

*“Mimi ni fundi vigae. Siku nzima niko magotini juu ya zege, na suruali zangu za jinzi hazimalizi miezi minne. Goti linakuwa jeupe, halafu linatoboka, na mara nyingine msamba unaachia hata kabla ya goti. Muuzaji mmoja ananiambia ninunue jinzi ya aunsi 16, wa pili anasema kanvasi ndiyo mwisho wa mambo, wa tatu ananionyesha ripstopu na kuapa kwamba haichaniki, ila naiona nyepesi kama shati. Nani anasema kweli? Na joto je?”*

Ndugu yangu, kila mmoja wa hao watatu anakijua kitambaa chake, lakini hakuna aliyekuuliza suruali yako inakufaje. Suruali ya kazi hufa kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Ya kwanza ni kulika: kitambaa kinasuguliwa taratibu mpaka nyuzi zinaisha. Ya pili ni kuchanika: msumari au waya unakamata mahali pamoja na kitambaa kinafunguka ghafla. Ya tatu ni kuachia mshono, na hapo kitambaa chenyewe huenda bado ni kizima. Kitambaa kinachoshinda njia moja kinaweza kuwa dhaifu kwenye nyingine. Kwa hiyo usizitupe zile suruali zilizoisha. Zichukue, ziweke kwenye mwanga, tuzisome.

Anza na goti. Ukitazama tundu la goti la jinzi, mara nyingi utakuta nyuzi nyeupe zimekatiza kwa upana kama kamba za kuanikia nguo, na nyuzi za buluu zilizokuwa zikishuka kuelekea mguuni hazipo tena. Huo ni ushahidi wa kulika. Jinzi hufumwa kwa mshazari: kila uzi wa mtande, yaani ule unaokwenda kwa urefu wa kitambaa, hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio, yaani zile zinazokatiza kwa upana, kisha huzama chini ya mmoja. Ndiyo maana upande wa nje ni wa buluu na wa ndani ni mweupe, kwa kuwa mtande ndio uliotiwa rangi na umetawala nje. Ukipiga goti juu ya mchanga, mtande ndio unaobeba karibu msuguano wote. Ukiisha, mshindio mweupe unabaki peke yake bila kitu cha kuushikilia, na siku chache baadaye nao unakatika.

Goti kuwa jeupe kabla ya kutoboka nako kuna maana. Rangi ya jinzi hukaa zaidi kwenye ganda la uzi, haifiki katikati. Uzi ukimenywa ganda, moyo mweupe unaonekana. Kwa hiyo weupe ule si rangi iliyotoka kwenye maji ya kufulia tu, ni pamba iliyokwisha kuondoka. Ukiuona ukilingana na kiganja, bado una muda wa kutia kiraka. Ukisubiri tundu, kiraka kitashonewa kwenye kitambaa ambacho tayari kimechoka pembeni.

Sasa tazama msamba, na hapa uangalie kwa makini kwa sababu makosa matatu tofauti huonekana kama moja. Kama uzi wa kushonea umekatika lakini kingo za kitambaa ni nzima na vitundu vya sindano vimepangana vizuri, tatizo ni uzi. Kama kitambaa cha pembeni mwa mshono kimekuwa chembamba chenye manyoya manyoya, mapaja yamekuwa yakisuguana na ni kulika. Na kama kitambaa kimefunguka kwa mstari ulionyooka sambamba na mshono, suruali ilikuwa inabana: ukichuchumaa, mvuto wote unaishia kwenye safu ya vitundu vya sindano, nayo inafunguka kama karatasi iliyotobolewa ili ikatwe. Kununua aunsi 16 hakuponyi kosa la kwanza wala la tatu.

Tuje kwenye hizo aunsi. Ni uzito wa kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa yadi moja ya mraba. Aunsi 1 kwa yadi ya mraba ni sawa na gramu 34 hivi kwa mita ya mraba. Jinzi ya aunsi 12 basi ina kama gramu 407, ya aunsi 14 gramu 475, ya aunsi 16 gramu 540 na ushee. Ripstopu ya kawaida ya suruali huwa na aunsi 6 hadi 7, kama gramu 220. Namba hiyo inakwambia kiasi cha uzi kilichopo, basi. Haikwambii uzi ni wa pamba ya nyuzi ndefu au ya makapi, umesokotwa vizuri au ovyo, umefumwa kwa namna gani, wala kitambaa kimepitishwa wapi kabla ya kufika dukani.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Jinzi nyingi laini zimefuliwa kiwandani pamoja na mawe ya pumisi, au kwa vimeng'enya vinavyokula ganda la pamba ili ionekane imezoeleka. Ulaini ule umenunuliwa kwa kutoa sehemu ya uhai wa nguo. Jinzi ya aunsi 14 iliyokwaruzwa hivyo inaweza kuisha kabla ya ile ya aunsi 12 iliyo mbichi, ngumu, yenye rangi moja tangu kiunoni hadi pindoni. Kwa kazi, chukua ile ngumu. Na ukiona suruali mpya imefifishwa magotini kwa urembo, iache: mahali unapohitaji pamba zaidi ndipo walipoipunguza.

Uzito unaweza kuupima mwenyewe. Kwenye suruali yako iliyoisha, kata kipande cha mraba cha sentimita 20 kwa 20 kutoka nyuma, penye shavu la mguu, mahali ambapo hapasuguliwi sana na hapana mshono. Pima kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kisha zidisha mara 25. Ukipata gramu 15, hiyo ni gramu 375 kwa mita ya mraba. Gawa kwa 34 utapata aunsi 11. Usishangae ikiwa ile uliyouziwa kama nzito inatoka hivyo. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hupoteza pamba kidogo, lakini hakishuki kutoka aunsi 14 hadi 11 mahali pasiposuguliwa.

Tuseme sasa jinzi yako kweli ni ya aunsi 14 na ununue ya 16. Umeongeza pamba kwa sehemu moja ya saba. Goti lililokuwa likiisha kwa miezi minne halitafika mwaka, litasogea wiki mbili tatu. Kwa wiki hizo utalipa joto zaidi, nguo inayokaa na maji muda mrefu baada ya kufuliwa, na mikunjo migumu nyuma ya goti. Mkunjo mgumu hukaa palepale kila siku, kilele chake kinasuguliwa, nacho hukatika. Uzito unasaidia, lakini ukishapita aunsi 13 au 14, kuongeza pamba kwenye suruali nzima ili kuliokoa goti tu ni hasara. Ongeza pamba kwenye goti.

Kanvasi nayo si lile turubai la plastiki la kufunikia mizigo. Ninayoizungumzia ni ya pamba, iliyofumwa uzi mmoja juu mmoja chini, ikibanwa sana. Nyingi huwa na nyuzi mbili za mtande zinazokwenda sambamba kama jozi. Kwa kuwa nyuzi zinapishana kila hatua, hakuna uzi unaotambaa nje mrefu kama kwenye jinzi, na mtande na mshindio hugawana msuguano. Kokoto haipati uzi uliolegea wa kuuinua. Kwa pamba ya ubora uleule na uzito uleule, kanvasi iliyobanwa vizuri kwa kawaida huchelewa kulika kuliko jinzi, hasa juu ya sehemu zenye mchanga na vipande vikali. Tofauti ipo, lakini si ya miujiza. Usitegemee ikupe mara mbili.

Udhaifu wake uko kwenye kuchanika, na unatokana na kubanwa kulekule kunakoipa nguvu. Kitambaa kinapoanza kuchanika, nguvu yote hukusanyika kwenye ncha ya mchaniko. Kama nyuzi zinaweza kuteleza kidogo, zile za jirani hujikusanya pale kwenye ncha na kusaidiana, kwa hiyo ni lazima zikatwe nne tano kwa pamoja. Jinzi, kwa sababu ya mshazari wake, huziachia nafasi hiyo. Kanvasi iliyobanwa hushikilia kila uzi mahali pake, na hukatwa mmoja mmoja, tik, tik, tik, mpaka mwisho. Hali inakuwa mbaya zaidi ikiwa imetiwa nta au dawa ya kuzuia maji inayogandisha nyuzi. Kama unataka kuona kwa macho yako, chukua mabaki mawili, moja la jinzi na moja la kanvasi yenye uzito sawa, kata kila moja kwa mkasi sentimita 2 kutoka ukingoni, kisha chana kwa mikono. Utalisikia lile la jinzi likikataa zaidi.

Kasoro ya pili ya kanvasi ni kingo. Kwa sababu ni ngumu, haikunjiki kwa duara, hukunjika kwa pembe. Pindo la mguu, mdomo wa mfuko na kilele cha mkunjo wa goti hupata ncha kali ambayo ndiyo inayosuguliwa. Kanvasi ya kazi mara nyingi utakuta pindo limekwisha na katikati ya paja bado mpya. Ifue mara mbili tatu kabla ya kuanza kuitumia ili gundi ya kiwandani itoke na nyuzi zilegee kidogo.

Na tahadhari moja ya dukani. Kanvasi ya kukata huuzwa wakati mwingine kwa namba badala ya aunsi, na namba zinakwenda kinyume: namba 10 ni nzito kuliko namba 12. Ya namba 12 ina aunsi 11 na nusu hivi, na hiyo inatosha kabisa kwa suruali. Ya namba 10 inakaribia aunsi 15, ambayo ni ya begi au aproni.

Ripstopu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, na muuzaji wako ameongeza chumvi. Ni kitambaa chepesi cha kawaida ambacho kila baada ya milimita 5 hadi 8 hivi kimewekewa nyuzi nene zaidi, kwa urefu na kwa upana, ndiyo maana unaona miraba midogo. Haizuii kutobolewa. Msumari utaingia kwenye mraba kama unavyoingia kwenye shati. Inachofanya ni kuuzuia mchaniko usikimbie: ukifika kwenye uzi mnene unagoma, na inahitajika nguvu kubwa zaidi kuuvuka. Tundu linabaki dogo na unamaliza siku yako. Ndiyo sababu majeshi yaliipenda kwa sare za nchi za joto: mwiba ukikamata, mguu mzima haufunguki.

Kwenye kusuguliwa lakini, miraba haina msaada. Kinyume chake, zile nyuzi nene zimeinuka juu ya uso wa kitambaa, kwa hiyo ndizo za kwanza kuliwa na sakafu. Na zikishaliwa, umebaki na kitambaa chembamba cha gramu 220 kisicho na sifa yake ya pekee. Goti lako lililomaliza gramu 475 kwa miezi minne litamaliza hii mapema sana kama ni pamba tupu. Hapo aina ya uzi inakuwa muhimu kuliko umbo la miraba. Ripstopu ya nusu nailoni na nusu pamba hudumu mbali zaidi ya ile ya pamba tupu, kwani nailoni ni bingwa wa kuvumilia msuguano kati ya nyuzi za nguo za kawaida. Ile ya poliesta 65 kwa pamba 35 huwa katikati, hukauka haraka na haikunjamani. Soma lebo ya ndani. Kama haipo, chomoa uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti, mbali na nguo: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, na mchanganyiko hutoa vyote viwili.

Ripstopu basi ni ya nani? Ni ya anayetembea, anayepanda ngazi, anayepita kwenye vichaka na waya, anayelowa na kutaka kukauka akiwa kazini. Anayepiga magoti kutwa hawezi kuitumia ikiwa tupu.

Kwa kazi yako, uamuzi wangu ni huu: kanvasi ya pamba ya aunsi 10 hadi 12, au jinzi mbichi ya aunsi 12, yenye magoti ya tabaka mbili na nafasi ya kuweka pedi. Kama joto ndilo linalokuumiza zaidi, kuna njia nyingine ninayoipenda, nayo ni ripstopu ya nusu nailoni kwa mwili wa suruali na kiraka kamili cha kanvasi kwenye magoti. Mapaja na matako ya fundi vigae hayasuguliwi sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyavalisha gramu 400. Njia hii inagharimu kazi ya fundi cherehani, lakini ndiyo pekee kati ya hizi inayokupunguzia joto bila kulisahau goti. Ina mpaka mmoja, nao ni moto. Ukikata chuma kwa grainda na cheche zinarukia mapaja, nailoni na poliesta huyeyuka na kushika kwenye ngozi. Siku hizo vaa pamba tupu. Pamba ya kawaida nayo hushika moto, ila haigandi mwilini, na kitambaa kizito huchelewa zaidi kutobolewa na cheche.

Goti la tabaka mbili lina ufundi wake, na viraka vingi vinavyouzwa vimewekwa mahali pasipo pake. Vaa suruali, piga magoti kama ukiwa kazini, na mtu akuzungushie chaki pale kitambaa kinapogusa sakafu. Usipime umesimama, kwa sababu nguo husogea ukijikunja. Kutoka katikati ya alama hiyo, kiraka kiende sentimita 12 juu na kama 18 chini, na kwa upana kifike kwenye mishono ya pande zote mbili za mguu ili kingo zake zishikwe ndani ya mishono. Kiraka kidogo cha duara kilichobandikwa katikati ya goti hufanya kosa linalojirudia: kitambaa kigumu kinaishia ghafla kwenye kitambaa kilicholegea, na suruali hukatika kwenye mpaka huo huku kiraka kikiwa kizima. Kama huwezi kufika kwenye mishono, angalau uzungushe pembe zake ziwe za mviringo.

Fua kitambaa cha kiraka kabla ya kukikata. Pamba ambayo haijawahi kulowa inaweza kurudi kwa asilimia 10, na kiraka kikijivuta baada ya kushonwa kitaikunja suruali nzima. Mtande wa kiraka uende sawa na mtande wa suruali. Juu ya kiraka acha uwazi wa kuingizia pedi, wenye kifuniko kinachoangukia chini ili vumbi lisiingie. Kwenye pembe mbili za chini acha sentimita 2 bila kushonwa. Vinafasi hivyo ni vya kutolea mchanga. Bila hivyo mchanga hukaa kati ya tabaka mbili na kuzila kutoka ndani, na utashangaa kiraka kipya kimetoboka kwa upande usiougusa.

Pedi yenyewe, ya povu gumu la milimita 15 hadi 20, hufanya zaidi ya kulinda mfupa. Bila pedi, uzito wako wote unapita kwenye eneo dogo la mfupa, na kitambaa kinabanwa kati ya mfupa na punje ya mchanga. Pedi hutawanya mgandamizo huo, na kitambaa hulika polepole zaidi. Ukitafuta zilizopimwa, angalia kama zimeandikwa EN 14404, kiwango cha Ulaya cha kinga za magoti, aina ya 2, ambayo ndiyo ya kuwekwa kwenye mfuko wa suruali.

Kwa msamba wako, kama umegundua ni uzi au ni kubana, dawa ni ya cherehani. Uzi uwe wa poliesta mnene wa kushonea jinzi. Ule wa pamba hulika na kuoza mapema. Sindano iwe namba 16 au 18, na kila hatua ya mshono iwe na urefu wa milimita 3 hadi 3.5. Hatua fupi kuliko hapo haziongezi nguvu, zinaongeza vitundu. Kingo mbili zikunjwe moja ndani ya nyingine na kupigwa mistari miwili ya uzi, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ushike. Kisha omba kipande cha umbo la almasi kiwekwe pale mishono minne inapokutana, chenye upande wa sentimita 8 hivi. Kipande hicho huondoa mvuto kwenye makutano ya mishono na kuupeleka kwenye kitambaa kizima, na utauona utofauti mara ya kwanza utakapochuchumaa. Cherehani nyepesi ya nyumbani itaruka mishono kwenye makutano ya tabaka nyingi za kanvasi. Kazi hiyo mpelekee fundi mwenye mashine nzito, na uende na suruali iliyokufa mkononi aone ilipofungukia.

Kama umegundua ni mapaja yanayosuguana, tia kiraka chepesi ndani, si nje, mapema kabla manyoya hayajageuka tundu.

Usinunue suruali inayobana goti. Ukipiga magoti, ngozi ya goti hujivuta na nguo inapaswa kuifuata. Isipoweza, kitambaa kinakuwa kimetandwa kama ngoma, na uzi uliovutwa hukatwa na mchanga upesi kuliko uliolegea. Wengine hutatua hili kwa jinzi zenye asilimia 2 ya nyuzi za kuvutika. Zinastarehesha, lakini nyuzi hizo huchoka kwa joto na klorini, na goti hubaki limevimba kama mfuko. Afadhali mguu mpana kidogo, au goti lililokatwa likiwa na mkunjo wake.

Ufuaji wa fundi vigae una hatari mbili ambazo wengine hawana. Vumbi la saruji likikutana na maji huganda ndani ya nyuzi, kwa hiyo kung'uta suruali ikiwa kavu, nje na ndani ya mifuko ya goti, kabla ya kuilowesha. Kisha igeuze na uifue kwa maji ya baridi au vuguvugu. Hatari ya pili ni ile asidi ya kusafishia saruji juu ya vigae. Pamba huvumilia sabuni kali na hata saruji yenyewe, lakini asidi huivunja. Tone likirukia suruali huenda usione kitu siku hiyo, ila baada ya kufua unakuta kundi la vitundu vyenye kingo laini, kana kwamba wadudu wamekula. Nailoni nayo haipendi asidi hiyo. Ikirukia, mwagia maji mengi palepale, usingoje jioni.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio moja dogo. Omba mabaki ya vitambaa viwili au vitatu unavyovifikiria. Funga kila kimoja juu ya kipande cha mbao, sugua kwa msasa namba 120 uliobandikwa kwenye tofali dogo, bila kuongeza mkono wako, tofali lenyewe ndilo uzito. Hesabu mizunguko mpaka uzi wa kwanza ukatike. Badilisha msasa kwa kila kitambaa. Namba utakazopata hazina maana nje ya meza yako, lakini mpangilio wao, kipi kimetangulia kufa, utakusaidia kuliko viapo vya dukani.

Na mambo mawili ambayo kitambaa hakiwezi kuyabeba. Zege bichi likilowesha goti na ukaendelea kupiga magoti juu yake, huunguza ngozi kimya kimya, na kanvasi nene iliyolowa hulishikilia pale kwa saa nzima. Vua, osha kwa maji mengi ya bomba, na ukiona ngozi imekuwa nyekundu yenye malengelenge au imegeuka nyeupe au nyeusi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vilevile, kama goti linavimba mbele ya mfupa, lina joto au linauma hata usiku ukiwa umelala, hiyo si kazi ya pedi nene zaidi. Mwone daktari alishike na kulipima.